Mume Wangu Hasomi Karatasi

Kuna wanaume hawapiki, kuna wanaume hawadeki. Wa kwangu hasomi karatasi mbele za watu. Si kwamba hajui kusoma, jamani! Ni afisa kilimo mwenye shahada yake, na gazeti la Jumapili analimaliza kabla sijamaliza chai. Lakini mpe hotuba iliyoandikwa neno kwa neno, msimamishe mbele ya watu hamsini, halafu mtazame. Sauti inakuwa bapa, macho yanazama kwenye karatasi, na akiinua kichwa mara moja tu kuwaangalia watu, anapotea mstari. Hapo anaanza kukohoa kikohozi ambacho nyumbani hana.

Sasa mimi ni mhariri. Nimesomea mawasiliano, na ninalipwa mshahara kwa kupenda sentensi. Kwa miaka kadhaa niliamini baba watoto ni mvivu wa kujiandaa tu. Tuligombana kwa jambo hili zaidi ya tulivyogombana kwa fedha. Mimi namwandikia hotuba nzuri, yeye anaiacha kwenye gari.

Mwezi Mei mmoja, Dodoma ikiwa imeanza baridi yake na upepo wake, alirudi nyumbani akiwa na flashi mkononi. Ndani yake kulikuwa na mafunzo ya wakulima kuhusu sumukuvu: slaidi 64 za pawapointi, zikiwa na maelezo ya kusoma chini ya kila moja. Alipewa dakika 90 kwa kila kijiji. Nilipiga hesabu palepale mezani: sekunde 84 kwa slaidi. Na vijiji vyenyewe vingi mafunzo hufanyika chini ya mti, ambako hakuna ukuta wa kuonyeshea wala soketi ya kuchomeka projekta.

“Mama watoto,” akaniambia, “nifanyie kitu. Lakini usiniandikie hotuba.”

Ningeweza kukataa. Ila sumukuvu kwetu huku si neno la semina. Mwaka 2016, baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara vilipata ugonjwa ambao mwanzoni watu hawakuuelewa: macho ya njano, kutapika, tumbo kujaa maji. Watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuja kujulikana kuwa ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi, mahindi yaleyale ya ugali wa kila siku. Kwa hiyo mtu anaposimama kueleza jinsi ya kukausha na kuchambua mahindi, hapotezi muda wa watu. Nikasema sawa, tujaribu vikadi.

Nilianza kwa kusikiliza

Kosa ambalo karibu nilifanye ni kufungua slaidi ya kwanza na kuanza kupunguza maneno. Ukifanya hivyo unapata slaidi 64 fupi, basi. Badala yake nilifunga kompyuta, nikamwekea chakula, nikawasha kinasa sauti cha simu na kumwambia: “Nieleze hayo mambo kama unavyomweleza shangazi yako.”

Alizungumza dakika 27 bila kushika karatasi. Alieleza vizuri mno. Kuvu anaishi kwenye udongo, alisema, hivyo mahindi ukiyaanika chini unayarudisha kwa adui. Punje iliyotobolewa na wadudu au kuvunjwa kwa fimbo wakati wa kupura ni mlango uliofunguliwa. Ukame unaukaribisha ugonjwa shambani, na unyevu unaulea ghalani. Punje inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa na sumu, ndiyo maana kukausha na kuhifadhi vizuri kunatangulia kuchambua kwa macho.

Baadaye nikakaa na slaidi upande mmoja na ile sauti upande mwingine, nikiweka alama. Alichokisema mwenyewe bila kusukumwa nilikiwekea tiki. Alichokisahau nilikizungushia duara. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza: kikadi hakiandikwi kwa ajili ya mambo ambayo msemaji anayajua. Kinaandikwa kwa ajili ya yale anayoyasahau. Mume wangu alisahau tarakimu, alisahau mpangilio (alieleza kuhifadhi kabla ya kukausha), na alisahau makatazo mawili. Sababu na mifano hakuhitaji kukumbushwa hata kidogo.

Kisha nikauliza kila slaidi swali moja: baada ya hii, mkulima atafanya nini kesho asubuhi? Slaidi 19 zilikuwa za ofisi, yaani malengo ya mradi, michoro ya nani anaripoti kwa nani na shukrani. Zikaondoka. Grafu tukazichapa kwa ajili ya ofisi ya kijiji. Zilizobaki zikajikusanya zenyewe, kwa sababu slaidi tano zilikuwa zinasema jambo moja kwa nguo tofauti. Tukapata vikadi 14.

Slaidi ya 23 ilivyokuwa kikadi

Nikupe mfano mmoja ili uone. Slaidi ya 23 ilikuwa na mistari kumi na moja. Kiini chake kilisema hivi: “Wakulima wanashauriwa kukausha mahindi juu ya turubai au chanja na siyo moja kwa moja ardhini, hadi kiwango cha unyevu kifikie asilimia 13.5 au chini yake, ambacho kinaweza kukadiriwa kwa njia ya chumvi pale ambapo kipimo cha unyevu hakipatikani.”

Kikadi changu cha kwanza kiliandikwa UKAUSHAJI SALAMA. Baba watoto akakishika, akakitazama, akanyamaza. “Hiki ni kichwa cha habari,” akasema. “Hakiniambii nianze na nini.” Alikuwa sahihi. Neno kama “ukaushaji”, “uhifadhi” au “utangulizi” linataja mada tu, wala halimsukumi mtu kufungua mdomo. Unaweza kulijua kwa urahisi: mpe msemaji kikadi na uhesabu kimyakimya. Ukifika tatu hajaanza kusema, neno hilo ni bovu.

Nikarudi kwenye ile sauti ya simu kutafuta maneno yake mwenyewe. Yeye hasemi “ukaushaji”. Anasema “kuanika”. Hasemi “njia ya chumvi”. Anasema “ile chupa”. Kikadi kikawa na mistari mitatu: TURUBAI, CHUPA, 13.5.

Hiyo CHUPA, mwenzangu, ndiyo ilibeba dakika sita nzima. Anachukua chupa ya kioo iliyokauka, anaijaza mahindi kama theluthi, anatia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, anafunga na kumpa mtu wa mbele aitikise kwa dakika moja au zaidi. Halafu anaiweka chini itulie kama robo saa huku yeye akiendelea na jambo lingine. Wakirudi kuitazama, chumvi ikiwa imeng'ang'ania kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yarudi juani. Chumvi ikidondoka chini yote, yameshuka chini ya 15. Mikono yake ikiwa na kazi, ulimi wake hauhitaji karatasi.

Ila ndiyo maana 13.5 ilibaki kwenye kikadi. Chupa inakwambia chini ya 15, haikwambii kama umefika 13.5. Bila ile tarakimu kumtazama usoni, angefurahia chumvi kudondoka na kuwaambia watu wafunge magunia. Kwa hiyo kila alipoiona alikumbuka kuongeza: hata chumvi isiponata, anika tena kabla hujahifadhi, na ukipata mwenye kipimo, pima.

Kwenye umbile nako tulijifunza. Nilikata manila kwa ukubwa wa kadi ya posta, nikaandika kwa kalamu nene ili asome kikadi kikiwa usawa wa kiuno. Upande mmoja tu, kwa sababu ukigeuza kikadi mbele za watu nao wanageuka nacho. Namba kwenye kona, na chini kabisa kwa herufi ndogo neno la kuvukia: “lakini”, “kwa hiyo”, “baada ya hapo”. Usilidharau hilo neno dogo. Msemaji hapotei katikati ya kikadi, anapotea kati ya kimoja na kingine. Mwisho tukatoboa tundu na kupitisha kamba. Upepo wa Dodoma si wa kuchezea. Siku ya majaribio uwanjani kwetu, vikadi saba viliruka hadi kwa jirani na mbwa akala cha namba 9.

Kijiji cha kwanza kikaenda vizuri. Alirudi jioni anaimba. Mimi nikajiona bingwa.

Kikadi namba 11

Kijiji cha pili hakwenda. Homa ilimlaza, akawapa wenzake vikadi. Aliyesimama badala yake alikuwa kijana wa maendeleo ya jamii, msemaji mzuri lakini si mtu wa kilimo. Jioni akapita nyumbani kumjulia hali mgonjwa, amefurahi kweli.

“Kaka, watu walielewa. Mama mmoja akauliza kama mayai ya kuku watakaokula yale mahindi ya ukungu yanafaa kuliwa. Nikamwambia hayana neno.”

Mume wangu akainuka kitandani. “Kuku gani wanaokula mahindi ya ukungu?”

Kijana akatoa vikadi mfukoni, akafungua namba 11. Mwandiko ulikuwa wangu: UKUNGU, halafu chini yake kuku, maziwa, pombe.

Slaidi ya 41 ilisema kwamba mahindi yenye ukungu hayapaswi kuliwa na watu, wala kupewa mifugo wakiwemo kuku na ng'ombe wa maziwa, wala kupikiwa pombe, kwa kuwa sumu haiishi kwa kupikwa wala kuchachushwa, na inaweza kupita hadi kwenye maziwa. Mimi nikabakiza maneno manne. Mume wangu alipokiona kikadi hicho, aliona marufuku, kwa sababu marufuku ilikuwa tayari kichwani mwake. Kijana aliona orodha ya matumizi. Akawaambia watu kwa moyo safi: yale mabaya msitupe, tengeni ya kuku, ya ng'ombe na ya pombe.

Sikulala. Nilijilaza nikiangalia dari na kujiuliza nilikosea wapi, maana nilifuata yote niliyofundishwa. Vitabu tulivyosoma chuoni, vingi vya Kiingereza, vinasema ukitengeneza vikadi toa vitenzi, bakiza majina ya vitu. Kwenye Kiingereza neno la kukataza linasimama peke yake, unaweza kulibakiza bila shida. Kwetu haliko hivyo. “Usi” ya “usiwape” haina nyumba yake, imepanga ndani ya kitenzi. Nilipofukuza kitenzi, mpangaji akaondoka naye. Na si yeye tu: nani anafanya, anamfanyia nani na lini, vyote vinakaa humo humo. Nilikuwa nimetupa punje nikabakiza pumba.

Alfajiri mume wangu, homa na yote, alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akapitisha tangazo kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi kwamba mahindi yaliyotengwa yasiguswe mpaka wataalamu warudi. Bahati ilikuwa upande wetu, kwani mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia na mengi bado yalikuwa kwenye mabua. Baada ya siku mbili akarudi yeye na yule kijana. Kijana mwenyewe aliomba asimame arekebishe kauli yake. Nilimheshimu sana kwa hilo. Kosa lilikuwa la mwandiko wangu.

Tulivyovifumua upya

Jumamosi ile tulikaa barazani wawili, manila mpya katikati yetu. Safari hii hakuna aliyemfundisha mwenzake. Sheria ikawa moja: palipo na tendo, neno kuu ni kitenzi, na kitenzi kibaki na viungo vyake vyote. Ukitazama vizuri utaona Kiswahili kimetuhurumia hapa. Neno moja linatosha kuwa sentensi. USIWAPE ni amri kamili kwa herufi saba. Namba 11 mpya ikawa: USILE, USIWAPE (kuku, ng'ombe), USIPIKIE POMBE, FUKIA.

Makatazo yote tukayaandika kwa kalamu nyekundu. Vikadi vingine vikabaki na majina ya vitu pale ambapo kitu chenyewe kinashikika, kama TURUBAI na CHUPA, kwa sababu hapo hakuna hatari ya kugeuza maana.

Tukakubaliana pia kwamba kuna mambo ambayo hayapunguzwi hata kama msemaji hapendi kusoma. Tarakimu huandikwa kamili pamoja na kitu zinachopima, kwa hiyo “13.5” peke yake ikawa “unyevu 13.5, si zaidi”. Sentensi ya kwanza baada ya salamu ya “mbukwenyi” tukaiandika nzima, kwa kuwa hapo ndipo moyo unapodunda na maneno kukimbia. Na sentensi ya mwisho nayo nzima, la sivyo mtu anatafuta pa kutua dakika kumi.

Mwisho likaja jaribio ambalo ningelifanya mapema lisingetokea lililotokea. Tulimwita mdogo wangu, anayefanya kazi benki na hajawahi kushika jembe. Tukampa vikadi 14 bila maelezo: “Tuambie unadhani vinasema nini.” Hatukutaka ajue sababu. Tulitaka tu kuona kama kuna kikadi atakachokisema kinyume. Alipofika USIWAPE hakusita. Kikadi namba 5 alikigeuza: kiliandikwa PUKUCHUA, FIMBO, naye akasema watu wapige mahindi kwa fimbo. Kumbe tulitaka wasipige, maana punje hupasuka. Kikawa PUKUCHUA, USIPIGE. Mume wangu akanitazama, nikamtazama, tukacheka kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Nikwambie ukweli hata hivyo, vikadi vya maneno makuu ni kama mswaki, ni vya mtu mmoja. Hata vikiwa na vitenzi vyake, havimpi mgeni zile sababu ambazo mwenye navyo anazo kichwani. Tangu siku ile, bahasha ya vikadi inabeba pia karatasi mbili zenye maelezo kamili kwa yeyote atakayelazimika kusimama badala yake. Mume wangu hazisomi. Hazikuandikwa kwa ajili yake.

Na mimi nimeacha kumwita mvivu. Nilipoisikiliza tena ile sauti ya dakika 27 nilisikia kitu ambacho hotuba zangu zote hazikuwa nacho: alikuwa anamsubiri anayemsikiliza. Anasema, ananyamaza, anatazama kama umeelewa, kisha anaendelea. Karatasi iliyojaa haimpi nafasi ya kusubiri.

Msimu ulipoisha alinirudishia vikadi, vimechakaa, vina vumbi jekundu na alama za vidole. Namba 11 ilikuwa imeongezwa neno kwa mwandiko wake mbaya, kwa kalamu nyekundu, pembeni kabisa: MAYAI?

Nikamuuliza ndiyo nini.

“Ni yule mama,” akasema. “Kila kijiji nafika hapo, namngojea aulize. Asipouliza, nauliza mimi.”